Mdomo Unafunguka, Sauti Haitoki

Jina lake la utani lilikuwa Masikio, na alilipata kwa haki. Miaka ishirini na sita alikuwa anapiga na kuhariri video za watu, harusi, mahafali, mazishi, ufunguzi wa maduka, na enzi zake angeweza kusimama mlangoni mwa ukumbi akakwambia spika ya tatu ina waya uliolegea. Mafundi wenzake walikuwa wakimwita aje asikilize tu. Alikuja, alinyoosha shingo, alionyesha kidole, akaondoka na soda mkononi kama mkaguzi wa serikali.

Chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya duka la mumewe, fundi cherehani, mtu mpole aliyevaa futi ya kupimia shingoni hata siku za mapumziko. Ukipanda ngazi unakuta meza mbili, kompyuta moja nzito, mapazia mazito ya kuzuia mwangwi, na waya nyingi kiasi kwamba mumewe alikataa kuingia bila kutazama chini. Ukutani kulikuwa na picha za maharusi. Baadhi yao walishaachana, lakini Masikio hakuzitoa kwa sababu mwanga wake ulikuwa mzuri.

Sasa nikwambie siri ambayo mumewe hakuijua, wala mdogo wake, wala mteja yeyote. Sikio la kulia la Masikio lilikuwa limezima. Halikuzima kwa kishindo. Lilififia polepole, baada ya miaka na miaka ya kusimama kando ya spika kubwa kuliko kabati, mpaka asubuhi moja mwaka uliopita aliweka simu sikio la kulia akadhani mtandao umekatika. Akaihamishia kushoto, akamsikia mteja anasema haloo, haloo. Akajibu kwa sauti ya kawaida, akakata simu, akakaa kwenye kiti akitazama ukuta. Kisha akaamua kwamba jambo hilo halijatokea.

Mtu anaitwa Masikio, anakula kwa masikio, halafu aende kutangaza kuwa limebaki moja? Angemwambia nani? Wateja wana midomo. Kwa hiyo alinyamaza, akaendelea kuvaa hedifoni zake kubwa kama kawaida, akisikiliza kwa kushoto tu, na kulia kukiwa kumevaliwa kwa heshima.

Mambo yalianza kwenda kombo kwenye harusi ya muoka mikate.

Masikio alikuwa amenunua maiki mpya ndogo ya kubana kifuani, na alimbana nayo bwana harusi alipokuwa anatoa shukrani. Maiki nzuri, ila pini yake ilikuwa ya pete moja, ya njia moja ya sauti, na tundu la kamera lilikuwa la pete mbili, la njia mbili, kushoto na kulia. Ukichomeka vile, sauti inaingia kushoto peke yake, na kulia panabaki patupu. Mtu mwenye masikio mawili angevaa hedifoni akahisi ameng'olewa upande. Masikio alivaa, akasikia kila kitu kwa kushoto, akatabasamu.

Kompyuta nayo ilijitahidi kumwonya. Pembeni ya kioo kuna vijiti viwili vya kijani vinavyopanda na kushuka kwa kufuata sauti, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia, na cha kulia kilikuwa kimelala chini hakitikisiki. Lakini Masikio miaka yote alikuwa amebandika kalenda ndogo juu ya vijiti hivyo. Alipenda kusema kuwa sauti haitazamwi.

Wiki mbili baadaye familia zilikusanyika ukumbini mchana kuitazama video. Upande wa bwana harusi walikaa kushoto, karibu na spika za kushoto. Upande wa bibi harusi walikaa kulia. Muziki ulitoka kote vizuri. Ikafika zamu ya shukrani. Upande wa kushoto walianza kucheka, wakapiga makofi, shangazi mmoja akafuta machozi. Upande wa kulia walikaa kimya wamekunja nyuso, kwa sababu spika yao ilikuwa kimya kama jiwe. Mama mkwe alikuwa akishukuriwa kwa dakika nne nzima, kwa jina na kwa sifa, na hakupata hata neno moja. Aliwatazama wakwe zake wanavyogaragara kwa kicheko, akamnong'oneza dada yake, "Wanatusema."

Masikio alilaumu waya za ukumbi. Alidanganya, ndiyo, na alijua anadanganya wakati mdomo bado uko wazi. Alirudi chumbani kwake, akabandua kalenda, akaona kijiti cha kulia kimelala kama mgonjwa. Kazi ya kukitibu ilichukua dakika moja. Aliiambia kompyuta ichukue sauti ya kushoto, iijaze na kulia, basi, vijiti vikaamka vyote viwili vikacheza sawasawa. Akapeleka nakala mpya kwa muoka mikate pamoja na tabasamu. Ile maiki ndogo akaitupa kwenye droo kwa hasira. Na kuanzia siku hiyo akawa anatazama vijiti. Alijiambia kuwa mambo yamekwisha: sikio la kushoto litasikia, macho yatalinda kulia. Alifurahi sana kwa ujanja huo, na furaha yenyewe ilimfanya awe mzembe zaidi.

Sasa tuje kwa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa na miaka arobaini na moja, fundi wa majokofu, na mtaa mzima walimwita Friji. Alikula kwa dada yake mchana na jioni, akarekebisha kila kitu ndani ya nyumba hata vitu visivyoharibika, na hakuwahi kumwambia mwanamke, ukimwondoa dada yake, sentensi iliyokamilika. Mbele ya jokofu alikuwa msemaji. Mbele ya Nesi alikuwa nyasi. Huyo Nesi alikuwa wa kitengo cha chanjo cha hospitali, mwanamke wa miaka thelathini na nane, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka wodi ya pili, na alikuwa na jokofu la kuhifadhia chanjo. Friji aliitwa kulitengeneza. Akaitwa tena. Kisha akawa anakwenda bila kuitwa, na kisanduku chake cha vifaa, akimwambia mlinzi wa getini kuwa amepita tu kukagua.

Wiki hiyo ikaja habari. Nesi alikuwa amepewa nafasi ya kuhamia hospitali nyingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, cheo kikubwa zaidi. Fomu ya kukubali au kukataa ilitakiwa irudi kwa karani wa utumishi Alhamisi, kabla ya saa kumi alasiri. Friji alizipata habari hizo akiwa ameingiza kichwa ndani ya jokofu, akakaa humo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Dada," alisema Jumanne, akiwa amesimama katikati ya waya za chumba cha kazi. "Nataka kumwoa."

"Umemwambia?"

"Nikimwambia ulimi unaganda. Nirekodi. Nimtumie."

Masikio alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamkalisha kwenye kiti, akafungua pazia kidogo kupata mwanga, akamfunga kifungo cha juu cha shati. Kwa kuwa ile maiki ndogo ilikuwa bado kifungoni ndani ya droo, alichukua maiki kubwa ya hotuba, inayopitia kwenye mikisa, lile boksi la vitufe vya kuchanganyia sauti. Shida ikawa moja: kutoka mikisa kwenda kamera hakukuwa na waya. Mikisa ilikuwa na tundu kubwa la pini tatu, kamera ina tundu dogo.

"Niachie," Friji alisema, na hapo akawa mtu mwingine kabisa. Alikata waya, akawasha chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya, akahesabu: pini tatu huku, sehemu tatu kule, kila waya na nyumba yake. Dakika kumi. Kazi safi ya kupendeza, mpira mweusi umebanwa vizuri. Dada yake alimsifu, na Friji akafurahi kiasi cha kusahau kuwa anaogopa.

Akasema aliyoyasema. Masikio alivaa hedifoni, akasikia kwa kushoto kila neno, safi kama maji ya chupa. Akatazama vijiti: viwili, vyote vinapanda, vyote sawa. Nini tena? Jioni alipachika muziki laini chini ya sauti, akamwita mdogo wake asikilize.

Friji alivaa hedifoni akakunja uso. "Dada, mbona najisikia kama nimesimama nyuma ya kisogo changu?"

"Hayo ni mapenzi," Masikio alisema. "Tuma."

Alituma Jumatano usiku. Jibu lilifika Alhamisi saa saba mchana, wakiwa mezani. Friji alilisoma akaweka kijiko chini. Mumewe Masikio alinyoosha mkono, akaichukua simu, akasoma kwa sauti kwa sababu alidhani ni habari njema:

"Nimeitazama mara tatu. Muziki mzuri. Unafungua mdomo, unafunga mdomo, hausemi kitu. Kama ni mzaha sijauelewa. Kama ni kwaheri nimeielewa."

"Shemeji," mumewe Masikio alisema taratibu, "ulisahau kusema?"

Walipanda ngazi wote watatu. Friji aliiwasha video kwenye simu yake, ile ya spika moja kwa chini. Muziki ukatoka, mtamu, wa kubembeleza. Naye Friji akaonekana kwenye kioo, kifungo cha juu kimefungwa, anafungua mdomo kama samaki aliyetolewa majini, anaweka mkono kifuani, anatikisa kichwa kwa hisia, na haitoki hata pumzi. Mumewe Masikio alijizuia kadiri alivyoweza, halafu akageukia ukutani mabega yakimtikisika.

Masikio akachomeka hedifoni kwenye simu ileile. Sauti ikawepo. Akachomoa: haipo. Akachomeka: ipo. Akachomoa: haipo, muziki upo. Alifanya hivyo mara sita mfululizo, uso umemkauka. Miaka ishirini na sita hajawahi kukutana na sauti inayocheza kibe, mara imejificha mara imetokea.

"Vaa wewe," alimwambia mdogo wake. Akazima kushoto kwenye kompyuta akaacha kulia peke yake. "Kulia kuna sauti?"

"Si usikilize mwenyewe?"

"Nakuuliza wewe."

Friji alimtazama kwa muda. Kisha akasema, "Ipo. Nzuri tu."

"Kushoto?"

"Ipo. Nzuri vilevile."

"Na ukiweka zote kwenye kitundu kimoja?"

"Zinakufa."

Masikio alikaa kwenye kiti. Alijua kabisa kwamba mtu mwenye masikio mawili angesikia jambo hili Jumanne. Friji alikuwa amelisikia. Alisema kisogo, naye akamwambia mapenzi.

Friji alikuwa ameshauchukua waya wake, amefungua kile kimpira, anaugeuzageuza kwenye mwanga. "Dada, hii mikisa inatoa nini kwenye pini hizi tatu?"

Na hapo Masikio akakumbuka kitu alichokijua tangu ujana wake, akajipiga paji la uso kwa kiganja. Mikisa, kwenye tundu kubwa, hutoa sauti ileile mara mbili. Pini moja inaipeleka kama ilivyo, pini ya pili inaipeleka imepinduliwa, pale ya kwanza inaposukuma yenyewe inavuta. Ya tatu ni ya ardhi. Mashine ya upande wa pili, kama imetengenezwa kwa mtindo huo, huigeuza ile iliyopinduliwa, huziunganisha, na kelele zote zilizoingia njiani zinajifuta. Ni ujanja mzuri sana. Lakini kamera yake ndogo haikuujua ujanja huo. Yenyewe iliona waya mbili ikadhani ni kushoto na kulia. Ikaweka sauti kushoto, na sauti iliyopinduliwa kulia.

"Ukivaa hedifoni, kila sikio linapata yake," alisema. "Simu ya spika moja inazijumlisha. Ni kama wewe unasukuma mlango huku, na mimi nausukuma kule kwa nguvu ileile."

"Mlango hauendi kokote," Friji alisema.

"Muziki haukupita kwenye waya wako, ndiyo maana haukudhurika."

"Kwa hiyo nimejinyamazisha mwenyewe." Friji aliutazama waya wake mzuri mkononi. Akaanza kucheka. Dada yake naye akaanza, na shemeji mtu, ambaye hakuelewa hata nusu, akaona ruhusa imetoka akacheka kuliko wote. Walicheka mpaka mteja mmoja huko chini akagonga kaunta kuuliza kama suruali yake ipo tayari.

Tiba ilikuwa rahisi hadi inatia aibu. Sauti na muziki vilikuwa bado vimetengana kwenye kompyuta. Masikio akaenda kwenye sauti ya mdogo wake, akachagua upande wa kulia, akabonyeza kitufe cha kuupindua. Uliopinduliwa ukapinduliwa tena, ukawa sawa na mwenzake. Hakuridhika, akaufuta kabisa ule wa kulia, akajaza pote kwa wa kushoto, kwa maana sauti ya mtu mmoja haihitaji zaidi ya njia moja. Akaihamishia kwenye simu ya Friji. Akaiweka mezani, spika yake ndogo ikiwa juu, hedifoni zimetundikwa msumarini.

Sauti ya mdogo wake ikatoka.

Masikio aliisikiliza mpaka mwisho, na kitu cha ajabu kikampata. Sauti ilikuwa inatoka kwenye kitundu kimoja, haina kushoto wala kulia, na alikuwa anaisikia yote, bila kubahatisha, sawasawa kabisa na wale wanaume wawili waliosimama pale na masikio yao manne. Alitaka kuruka. Aliruka kidogo, kwa kweli, akakanyaga waya.

Saa tisa na dakika ishirini. Walituma. Alama moja tu ikatokea, haikufika. Friji akapiga, simu imezimwa. "Akirudi zamu baada ya chakula anaifungia kabatini," alisema. "Anatoka saa kumi kasoro. Anapitia kwa karani."

"Basi unasimama nini?" Masikio alisema.

Ungewaona barabarani ungedhani wanafukuzwa. Mbele Friji na simu yake ameishika kifuani kwa mikono miwili. Nyuma yake dada yake, viatu mkononi, kwa sababu vilikuwa vya kisigino. Nyuma kabisa shemeji mtu, futi inapepea shingoni, aliyekuwa amemwambia mwenye suruali kwamba kuna dharura ya familia. Watu walisimama pembeni kuwapisha. Muuza vocha aliwauliza nani amefariki. "Bado," Masikio alijibu akihema.

Walifika hospitali saa kumi kasoro dakika tano. Ofisi ya utumishi ilikuwa mwisho wa korido ndefu ya rangi ya kijani, kidirisha chenye kioo na upenyo chini yake, na mbele yake benchi mbili zimejaa watu wanaosubiri barua zao. Nesi alikuwa amesimama kidirishani. Mikono yake ilikuwa mitupu. Fomu ilikuwa tayari upande wa pili wa kioo, mbele ya karani, mama wa makamo mwenye miwani, aliyekuwa ameshainua muhuri.

Nesi aligeuka akawaona: mchumba asiyesema, mwanamke asiye na viatu, mwanamume mwenye futi.

Friji alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Nesi akasema kwa upole, ambao ulikuwa mbaya kuliko hasira, "Hii nimeshaiona."

Masikio alimnyang'anya mdogo wake simu, akaongeza sauti hadi mwisho, akaiinua juu kama mtu anayeonyesha tiketi.

Muziki ukaanza. Kisha, kwenye kile kitundu kidogo, mbele ya benchi mbili za watu, ikatoka sauti ya Friji:

"Mimi sijui kusema. Najua kutengeneza. Lile jokofu lako halikuharibika mara tisa. Liliharibika mara mbili. Mara saba nilikuja mwenyewe. Mara ya nne nililegeza skrubu ili niikaze. Naomba unisamehe kwa skrubu. Ukihama, sijui nitabeba kisanduku changu kwenda wapi, maana upande ule wa mji sina kazi nyingine, nina wewe tu. Naomba nikuoe. Kama hutaki, jokofu nitaendelea kulitunza hata akija nesi mwingine, ila sitalikagua sana."

Video ikaisha.

"Mara saba," karani alisema nyuma ya kioo. "Na mimi nimemsainia zote kwenye daftari la mafundi." Aliushusha muhuri pembeni, juu ya pedi ya wino. Halafu, bila mtu kumwomba, akaichukua fomu kwa ncha za vidole, akaisukuma taratibu kwenye upenyo chini ya kioo mpaka ikatokea upande wa Nesi. Akatazama saa ya ukutani. "Bado dakika mbili," alisema. "Mimi sijapokea kitu."

Nesi aliweka mkono juu ya fomu ile, hakuichukua wala hakuirudisha. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko. "Sasa ile ya jana ilikuwa nini? Nimeiangalia mara tatu, na wenzangu wote wa chanjo. Kuna aliyesema ameokoka, anasali kimoyomoyo."

"Waya," Friji alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza lililotoka zima mbele yake. Likamtia nguvu, akaongeza. "Niliutengeneza vibaya. Kosa langu. Dada hahusiki."

Pale palikuwa na mlango mpana wa kupita. Masikio aliuona. Benchi mbili za watu zilikuwa zinasikiliza, na angalau wanne kati yao alishawapigia video, na wa tano alikuwa na mahafali ya mwanawe mwezi ujao. Lakini mdogo wake alikuwa amesimama pale kifungo cha juu kimefungwa, amebeba kosa ambalo si lake lote, na Masikio akaona kwamba amechoka. Amechoka kuvaa hedifoni kwa heshima.

"Waya ni wake," alisema kwa sauti ya kusikika na karani. "Sikio ni langu. La kulia limezima tangu mwaka jana. Angerekodiwa na mtu wa masikio mawili, kosa lingeonekana palepale. Na ile harusi ya muoka mikate haikuwa waya za ukumbi. Ilikuwa mimi."

Mumewe aliacha kuhema. Alimtazama mkewe, na polepole, kama mtu anayehesabu, akawa anakumbuka mambo.

Masikio alisubiri. Hakujua anasubiri nini. Pengine mtu wa mahafali ainuke aondoke. Hakuna aliyeinuka. Nesi aliikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa sare yake. Kisha akampita Friji, ambaye alifunga macho, akampita na shemeji mtu, akazunguka nyuma ya Masikio, akaja kusimama kushoto kwake, karibu kabisa.

"Wifi," alisema. "Unanisikia hapa?"

Neno lile lilimfikia Friji polepole. Aliona kwanza karani anavua miwani, akaona shemeji yake anajifuta uso kwa ncha ya futi, ndipo naye akalielewa, akakaa chini sakafuni, palepale kwenye korido, kisanduku chake cha vifaa hakipo hata cha kushikilia.

"Nakusikia," Masikio alisema.